Ukiniita Mnene, Umeniambia Nini?

Mwezi uliopita niliandika makala ya afya, kichwa chake "WANENE, MJIPANGE!" Nilijiona nimeweza. Hapa Kenya mnene ni mtu wa mwili mkubwa, na pia ni mkubwa wa serikali. Magazeti huandika kila siku kuhusu wanene wa chama hiki na wanene wa wizara ile. Kwa hivyo nilikuwa na mzaha wa maana mbili, halafu chini yake habari ya kweli kuhusu presha na kisukari. Watu walicheka, wakashiriki, nikapata wafuasi wapya.

Jioni moja shangazi yangu akaniita kwa kibanda chake cha mitumba hapa Chepilat. Kwa wale hamjawahi kufika, Chepilat ni pale ukitoka Sotik ukielekea Keroka, mpakani kabisa mwa Bomet na Nyamira, majani chai huku na majani chai kule. Alikuwa amewekewa makala yangu na binti yake. Hakugombana. Alikunja suruali aliyokuwa ameshika, akaiweka, akaniuliza, "Kijana wangu, hapa umeandika wanene wajipange. Mimi nijipange aje?"

Nikaanza kusema, eti shangazi, si wewe nilikuwa nalenga, nilikuwa nasema kwa jumla. Akanikatiza. "Najua si mimi. Nauliza tu. Nimesoma yote, sijaona mahali umesema nifanye nini."

Maze, nilirudi nyumbani nikasoma tena maneno yangu mwenyewe. Alikuwa sawa. Neno "mnene" lilikuwa mara kumi na nne kwa ukurasa mmoja na nusu. Mahali pa kumwambia mtu ajipime nini, kwa nini, na apunguze kiasi gani, hakukuwa na kitu.

Wengi mtadhani naenda kusema tuache kusema mnene kwa sababu linaumiza. Linaumiza, ndiyo, nitafika huko. Lakini hoja yangu ni kwamba kwa makala ya afya neno mnene halifanyi kazi yoyote. Halimpi msomaji habari ambayo hakuwa nayo. Shangazi ana kioo. Anajua nguo zake ni saizi gani, na ni yeye anauza saizi zote.

Sasa nimalize habari yake, kwa sababu ndiyo ilinifanya niandike hii.

Siku hiyo aliniambia kitu ambacho hata watoto wake hawakujua. Miezi kadhaa kabla, alikuwa ameenda kliniki moja, sitaitaja, kupimwa presha. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu wa mizani akasema kwa sauti, "Huyu mama mnene apande, tuone kama mizani itabeba leo." Benchi nzima ikacheka. Yeye pia akacheka, kwa sababu mwanamke wa umri wake akikasirika mbele ya watu ndiye ataonekana mwenye shida. Akapimwa, akaandikiwa kadi, akapewa dawa za mwezi mmoja, akaambiwa apunguze kula. Dawa zilipoisha hakurudi.

Nilimwomba ile kadi. Kilo 84. Presha 160 kwa 100. Mahali pa urefu hapakuwa na kitu. Mahali pa kiuno pia hapakuwa na kitu. Yaani walimpa mzaha, lakini kipimo hawakumaliza.

Na tangu hapo alikuwa ananunua tembe chache kwa duka la dawa, siku ambazo kichwa kinamgonga. Hiyo ni hatari na wengi tunaona wazazi wetu wakiifanya. Presha kwa kawaida haina dalili. Mtu anaweza kuwa na 160 kwa 100 na ajisikie poa kabisa, akiuza nguo, akipiga stori. Dawa ya presha si ya maumivu ya kichwa, ni ya kila siku, na daktari ndiye wa kuibadilisha au kuisimamisha. Shangazi hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa benchi.

Wala si yeye tu. Mwaka 2013 mtafiti Rebecca Puhl na wenzake walitoa utafiti wa watu wazima huko Marekani. Waliwapa watu orodha ya maneno ambayo daktari anaweza kutumia kuhusu mwili, wakauliza ni yapi yanadhalilisha, yapi yanalaumu, na yapi yanampa mtu moyo wa kubadilika. Maneno yenye maana kama ya mnene na bonge yalianguka vibaya. Neno la kawaida kabisa, "uzito", ndilo moja ya yaliyofaulu. Na karibu mmoja kati ya watano alisema daktari akimfanya ajisikie amedhalilishwa kwa sababu ya mwili wake, hatarudi kwa miadi inayofuata. Mmoja kati ya watano. Ukiangalia foleni ya watu ishirini, ni kama wanne wanaenda nyumbani na hawarudi.

Sasa kuna mtu anasema, "Lakini ukweli ni ukweli. Mkibembeleza watu watakufa na presha zao." Hii hoja si ya kijinga, na hata wakubwa wameisema. Mwaka 2010 Anne Milton, aliyekuwa waziri wa afya ya umma Uingereza, alisema madaktari wawaambie watu kwamba ni wanene, waache lile neno la kitabibu, kwa sababu mtu akisikia neno la hospitali hashtuki sana. Wazo lake lilikuwa kwamba neno kali humwamsha mtu achukue hatua.

Mimi nakubali nusu. Ni kweli kwamba kuna maneno matamu yanayoficha ugonjwa, na sisi tunayo tele. Lakini kushtuka peke yake si hatua. Shangazi alishtuka sana pale kwa mizani. Hatua aliyochukua ni kutoroka.

Basi nilikaa na maneno yetu moja moja, vile mtu anachambua mchele. Nikaona yamegawanyika vikundi vitatu.

Kikundi cha kwanza ni cha kuchapa. Bonge, kibonge, tipwatipwa. Bonge ni donge kubwa, bonge la ugali, bonge la udongo. Kwa mpira ni sifa, bonge la goli. Kwa mtu, umemtoa kwa watu ukamweka kwa vitu. Na usifikiri ni mtaani tu. Majirani zetu Tanzania, kwa maandishi ya afya, utakutana na "uzito uliozidi na kiribatumbo". Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Yaani neno rasmi la ugonjwa ni picha ya tumbo lililojaa kama mfuko wa maji. Mtu wa afya amezoea, haoni picha tena. Mgonjwa anayelisikia mara ya kwanza anaiona.

Kikundi cha pili ni cha asali. Umenona. Umejaza. Una mwili. Umekuwa mlaini. Rafiki akitoka Nairobi akanikuta, akasema "buda, umenona," ni salamu, maana yake maisha si mabaya. Hili neno lina historia na tusilidharau. Miaka ya 1980, ukimwi ulipoanza kuenea Uganda, watu wa huko waliuita "slimu", kwa sababu ulimkondesha mtu mpaka akaisha. Wakati huo Afrika Mashariki nzima, mtu kupungua kilo ilikuwa habari ya kutisha, majirani wanaanza kuhesabu siku. Kwa hivyo mzee akikuambia umenona, anaweza kuwa anakuambia ninafurahi uko hai. Wachana naye.

Lakini weka "umenona" ndani ya makala ya afya uone. "Mama aliyenona ahakikishe anapima presha." Nani huyo? Kila mtu atasema ni jirani. Halafu kunona kwa Kiswahili cha zamani ni neno la mifugo, ng'ombe aliyenona yuko tayari kwa kisu. Hivyo hata utamu wake una mfupa ndani.

Kuna pia "miraba minne", ile tunasema kuhusu mwanamume aliyejengeka, kifua kama kabati. Hilo linaonekana neno la heshima, na ni zuri kwa hadithi. Kwa afya linachanganya, kwa sababu halituambii kama ni misuli ama ni mafuta, na hiyo ndiyo tofauti yenyewe tunayotafuta.

Kikundi cha tatu ni cha kipimo. Uzito uliozidi. Unene uliokithiri. Kiuno cha sentimita kadhaa. Hapa neno linakuja na namba, na namba ina mlango wa kutokea.

Niwaeleze hiki kikundi kwa njia ya majani chai, kwa sababu huku kwetu hakuna mtu hajui mizani. Ukipeleka majani kituoni, karani anatundika gunia, anasoma, "Kilo 18." Anaandika. Hasemi wewe ni mvivu ama wewe ni hodari. Na wewe unajua kwamba kilo 18 peke yake haisemi kitu mpaka ujue zimetoka shamba la ukubwa gani. Kwa shamba dogo ni nyingi, kwa shamba kubwa ni aibu. Mwili ni hivyo hivyo. Kilo 84 peke yake haina maana. Lazima ujue urefu.

Hapo ndipo kinaingia kile kipimo cha uzito kwa urefu, zile herufi tatu unaona kwa kadi ya kliniki, BMI. Unachukua kilo, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linaita 25 hadi chini ya 30 uzito uliozidi. Kuanzia 30 kwenda juu ni kiwango kingine, unene uliokithiri, na kimewekwa kando kwa sababu hatari ya kisukari, presha na moyo inapanda zaidi hapo.

Shangazi tulimpima urefu kwa mlango wa kibanda, viatu nje, kisigino kwa ukuta. Mita 1.60.

84 ÷ (1.60 × 1.60) = 84 ÷ 2.56 = 32.8

Hapa ndipo nilijifunza kitu ambacho kilinizuia kuenda kwa asali. Kama ningeamua kuwa mpole tu, ningemwandikia "uzito wako umezidi kidogo." Ingekuwa uongo. Yeye hayuko kwa 25 na kitu, amepita 30. Ukilainisha neno la pili likawa neno la kwanza, umemnyima mtu habari ya hatari yake, na umefanya hivyo ukijiita mwenye huruma. Kwa hivyo "uzito uliozidi" si jina la adabu la kila mwili mkubwa. Lina mpaka wake, na ukiandika makala lazima uuheshimu.

Lakini pia hii BMI ina upofu. Kuna beste yangu anapakia magunia ya majani kwa lori, huyo ndiye miraba minne wa kweli. Ana kilo 90 na urefu wa mita 1.75. Piga hesabu, inatoka 29.4, karibu iguse 30. Ukimsoma kwa kadi ni mtu wa kupewa onyo. Ukimwona, ni misuli mitupu. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, na kwa maoni yangu ndicho makala za afya zingetumia zaidi, kwa sababu hakihitaji hata mizani wala foleni.

Chukua tepu ya fundi wa nguo. Tafuta mbavu ya mwisho kwa ubavu wako, tafuta juu ya mfupa wa nyonga, weka tepu katikati ya hizo mbili, si pale mshipi wa suruali unakaa. Pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani kama unapigwa picha. Tepu iguse ngozi bila kubana. Soma. Halafu linganisha na nusu ya urefu wako. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu, uko pazuri. Kikipita, mafuta yameanza kukaa ndani ya tumbo, karibu na ini na viungo vingine, na hayo ndiyo yanayoleta shida zaidi kuliko yale ya mapaja na makalio.

Beste yangu ana kiuno cha sentimita 86, na nusu ya urefu wake ni 87.5. Yuko ndani, ingawa nafasi ni ndogo. Shangazi ana 104, nusu ya urefu wake ni 80. Kwa neno la mtaani hawa wawili wote ni "watu wa mwili". Kwa tepu ni habari mbili tofauti kabisa. Na unajua kuna mtu wa tatu pia, yule mwembamba wa mikono na miguu mwenye kitambi kidogo mbele. Hakuna mtu hata mmoja atamwita mnene. Akisoma makala yangu ya "Wanene, Mjipange", atapita akicheka, na labda ndiye alihitaji kusimama. Hilo ndilo kosa lingine la neno mnene: linamchapa asiyehitaji kuchapwa na linamwacha anayehitaji kuambiwa.

Kama uko chini ya miaka kumi na tisa na unasoma hii, tafadhali usijipige hiyo hesabu ya 25 na 30. Ni ya watu wazima. Mwili wako bado unakua, na kliniki wana chati za umri na jinsia za kulinganisha. Na mama mjamzito pia hii tepu si yake kwa sasa.

Sasa nirudi kwa lile swali, "nijipange aje?"

Ukimwambia mtu ni mnene, umempa njia moja tu ya kutoka, awe mwembamba. Kwa shangazi, kufika chini ya 25 ni kufika kilo 63 na kitu, yaani atoe zaidi ya kilo ishirini. Nani ataanza safari hiyo jioni ya leo baada ya kufunga kibanda? Anakata tamaa kabla hajavaa viatu. Lakini ukiwa na namba, unaweza kugawanya. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu watu waliokuwa karibu kupata kisukari cha aina ya pili. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi mengine dakika 150 kwa wiki. Hawakuambiwa wawe wembamba. Walioingia kwa mpango huo walipata kisukari kwa asilimia 58 chini kuliko wale ambao hawakupewa mpango wala dawa.

Asilimia 7 ya kilo 84 ni karibu kilo 6. Shangazi akifika 78, BMI yake itakuwa 30.5. Yaani kwa kadi bado amepita 30, na kwa yule mtu wa mizani bado ni "mama mnene". Lakini ndani ya mwili wake, presha na sukari zitakuwa zimeanza kupata nafuu. Hiyo hesabu ilinimaliza. Angeweza kufanya kazi yote inayomsaidia na bado aitwe jina lile lile. Neno mnene halina macho ya kuona hizo kilo sita.

Wasee wengine wataniambia kuna watu wanajiita wanene kwa fahari, na mimi naingilia. Hapana. Huko Marekani tangu mwaka 1969 kuna chama kinachotetea haki za watu wa miili mikubwa, NAAFA, na wao wanalichukua neno hilo kali la Kiingereza kwa makusudi, wanalivaa wenyewe ili lisiwe jiwe mkononi mwa mtu mwingine. Hapa kwetu pia nina rafiki anaitwa Bonge na simu yangu imemhifadhi hivyo, yeye ndiye alijipa. Kujiita ni haki yako. Lakini mwandishi wa makala hajui nani anasoma, na hawezi kumvalisha msomaji jina ambalo hakulichagua. Ukikaa na mtu ana kwa ana, muulize tu, "Ungependa tuongee aje kuhusu uzito?" Kwa makala, sema kipimo.

Kuna kitu kidogo cha sarufi nimeanza kukifanya. Naacha "ni" na natumia "ana". Badala ya "yeye ni mnene", naandika "ana uzito uliozidi" ama "anaishi na unene uliokithiri", kulingana na namba. "Ni" inamaliza mtu, kama vile hakuna kingine ndani yake. "Ana" inasema kitu alicho nacho leo, kama vile ana presha, ana mafua, ana deni. Na hii tunaijua tayari. Tulijifunza kusema mtu anaishi na virusi, tukaacha majina tuliyokuwa tunatumia zamani, na watu wakaanza kujitokeza kupimwa bila kujificha sana.

Basi ile makala niliiandika upya. Kichwa sasa ni "Kiuno Chako na Nusu ya Urefu Wako". Hakina mzaha, na sitawadanganya, kimesomwa na watu wachache kuliko cha kwanza. Mahali nilikuwa nimeandika "wanene wako hatarini kupata presha", sasa imekuwa "kiuno kikipita nusu ya urefu, pima presha hata kama unajisikia mzima". Mahali nilikuwa nimesema "mabonge waache chapati", nimeandika chapati moja badala ya tatu, chai kijiko kimoja cha sukari badala ya vinne, na kutembea dakika 30 kwa siku tano za wiki. Hakuna sentensi hata moja inayotaja umbo la mtu, na sijaona kilichopotea.

Neno "unene" sijalitupa. Liko pale kwa "unene uliokithiri", kwa sababu hiyo ndiyo hali yenyewe na lazima iwe na jina linaloeleweka. Nililotupa ni "mnene" na "wanene", yaani pale neno linapoacha kuwa hali na kuanza kuwa mtu.

Shangazi alirudi kupimwa, kituo kingine, nikiwa naye. Nilikuwa nimemwandikia namba zake kwa karatasi: kilo 84, mita 1.60, kiuno 104, dawa zilizokatika. Akampa daktari kabla hata ya kuulizwa. Daktari akasoma, akauliza, "Hizi umejipima wewe?" Akasema, "Na kijana wangu." Presha ilikuwa 158 kwa 98, akarudishiwa dawa za kila siku na kupewa tarehe. Hakuna mtu alisema neno lolote kuhusu mwili wake. Kwa mizani yule mama aliyekuwa akipima alisema tu, "84 na nusu," akaandika.

Tukitoka nje shangazi akasema, "Hiyo nusu imetoka wapi?"

Nikamwambia labda ni viatu. Akasema mwezi ujao atavua.